Tembe za Kisukari Zinazotoa Sukari Kwenye Mkojo: Mwasho wa Sehemu za Siri na Maambukizi ya Njia ya Mkojo

Waraka huu umeandikwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili na kuishi Dubai, hasa zile zenye mtu anayetumia tembe za kisukari za kundi la flozini. Zinazotumika zaidi ni dapagliflozini, ambayo wengi huijua kwa jina la Forxiga, na empagliflozini, yaani Jardiance. Wakati mwingine dawa hizi huchanganywa na metfomini ndani ya tembe moja, kama ilivyo katika Xigduo na Synjardy. Ukitaka kujua kama dawa yako imo katika kundi hili, soma jina dogo lililoandikwa chini ya jina la biashara kwenye boksi: likiishia kwa herufi -flozin, waraka huu unakuhusu.

Jambo tunalotaka kulieleza ni moja. Tembe hizi zinaweza kuleta mwasho wa sehemu za siri unaosababishwa na fangasi. Mwasho huo hutibika kwa urahisi, na kwa kawaida haulazimu kuacha dawa ya kisukari. Madhara makubwa hutokea pale unapodhaniwa kuwa ni ugonjwa mwingine.

Kwa nini mkojo unakuwa na sukari

Matabibu wa kale wa Bara Hindi waliitambua kisukari kwa kuona sisimizi wakikusanyika penye mkojo wa mgonjwa. Siku hizi mtu anayetumia flozini anaweza kuwaona sisimizi haohao chooni kwake, lakini maana yake imebadilika: ni dawa inafanya kazi yake.

Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban gramu 180 za sukari kila siku kutoka kwenye damu, kisha huirudisha karibu yote mwilini kabla mkojo haujafika kwenye kibofu. Kazi ya kuirudisha hufanywa na vibebeo vidogo vilivyomo ndani ya mirija ya figo. Flozini huvizuia vibebeo hivyo kwa kiasi, na sukari isiyorudishwa hutoka na mkojo. Kwa mtu mwenye kisukari ambaye figo zake bado zina nguvu, sukari inayotoka kwa siku huweza kufika gramu 60 hadi 80. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu nne, kwa hiyo ni sawa na kumwaga vijiko kumi na tano au zaidi kila siku.

Kutokana na hayo yafaa kujua mambo mawili. Kwanza, kipimo cha mkojo cha mtu anayetumia dawa hii kitaonyesha sukari nyingi daima, hata kama sukari ya damu iko sawa kabisa. Usishtuke, wala usikubali kuambiwa kuwa kisukari chako kimeharibika kwa sababu ya kipimo hicho peke yake. Hali ya kisukari hupimwa kwenye damu. Pili, maji huifuata sukari, hivyo utakojoa zaidi, hasa katika majuma ya mwanzo.

Fangasi wanavyopata chakula

Kwenye ngozi, kinywani, matumboni na ukeni wanaishi kuvu wadogo waitwao kandida, ndugu wa hamira tunayotumia kuumulia maandazi. Kwa kawaida hawadhuru, kwa kuwa ni wachache, na bakteria wema wanaoishi pamoja nao huwazuia wasizidi. Kila mwanamke aliyewahi kukanda unga anajua kinachotokea hamira inapowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari. Matone ya mkojo wenye sukari yanayobaki kwenye ngozi yenye joto na unyevunyevu huwapa kandida mazingira yaleyale.

Katika tafiti za dawa hizi, takriban mwanamke mmoja kati ya kumi alipata fangasi wa sehemu za siri. Kwa wanaume idadi ni ndogo zaidi, na wasiotahiriwa hupata zaidi kuliko waliotahiriwa, kwa sababu mkojo na jasho hubaki chini ya govi. Mara nyingi tatizo hujitokeza katika miezi ya mwanzo ya kutumia dawa, na aliyewahi kuugua fangasi zamani ana uwezekano mkubwa wa kuugua tena.

Kwa mwanamke dalili ni mwasho mkali, wekundu na uvimbe wa midomo ya uke, na mara nyingi uchafu mzito mweupe unaofanana na maziwa yaliyoganda, usio na harufu mbaya. Kwa mwanamume ni mwasho na wekundu kwenye kichwa cha uume, madoadoa au utando mweupe, na pengine govi kukaza na kupasuka ngozi.

Si kila maumivu ni yutiai

Huko nyumbani Afrika Mashariki tumezoea kuita kila tatizo la sehemu hizo «yutiai», na kila yutiai kutafutiwa vidonge vya antibayotiki. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Yutiai halisi ni maambukizi ya bakteria ndani ya njia ya mkojo, yaani kwenye mrija, kibofu au figo. Fangasi tunaowaeleza hapa wako nje, kwenye ngozi na ukeni. Antibayotiki haiwaui fangasi. Tena huwaua wale bakteria wema waliokuwa wakiwazuia, na mwasho huongezeka.

Mtu anaweza kuanza kutofautisha akiwa nyumbani kwa kujiuliza maumivu yanasikika wapi na lini. Ikiwa mkojo unachoma pale unapogusa ngozi iliyochubuka kwa nje, na kuna mwasho hata wakati hukojoi, elekeza mawazo kwenye fangasi. Ikiwa maumivu ni ya ndani, yapo wakati wa kukojoa na chini ya kitovu, haja inakuja kwa ghafla lakini yanatoka matone machache tu, na mkojo una ukungu, harufu kali au damu, hiyo inafanana na maambukizi ya kibofu. Kwenda chooni mara nyingi peke yake hakutoshi kuwa dalili, maana tembe yenyewe hufanya hivyo; lakini tembe hutoa mkojo mwingi usiouma, ilhali kibofu kilichoambukizwa hutoa kidogo kwa maumivu.

Huenda ukashangaa kusikia kwamba, ingawa fangasi waliongezeka waziwazi katika tafiti, maambukizi ya kawaida ya kibofu hayakuongezeka kwa namna iliyo wazi hivyo. Pengine sababu ni kwamba mkojo mwingi husafisha njia yake. Hata hivyo, mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya watumiaji wa dawa hizi walipata maambukizi mazito ya figo na ya damu yaliyoanzia kwenye njia ya mkojo. Kwa hiyo yutiai halisi haipuuzwi. Hupimwa, na hutibiwa kwa antibayotiki iliyochaguliwa na daktari.

Mfano wa familia moja

Mfano ufuatao tumeutunga kutokana na mambo yanayotokea mara kwa mara. Mama wa miaka 47, mwenyeji wa pwani, anafanya kazi ya usafi na anaishi na mumewe dereva katika chumba cha kupanga Deira. Ana kisukari kwa miaka sita. Mwezi Juni daktari alimwongezea tembe ya dapagliflozini ya miligramu 10 kila asubuhi, juu ya metfomini aliyokuwa akitumia. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilishuka kutoka 190 hadi karibu 140, akafurahi.

Katika juma la tatu akaanza kuwashwa. Alikuwa akivaa sare ya kitambaa kisichopitisha hewa tangu alfajiri hadi jioni, katika joto la kiangazi, na kwa kuwa choo kilikuwa mbali na sehemu ya kazi, alipunguza kunywa maji. Jirani akamwambia, «Dada, hiyo ni yutiai,» akampa vidonge vya amoksilini vilivyobaki kwenye mkoba uliotoka Dar es Salaam. Akavimeza siku nne. Mwasho ukazidi, ngozi ikachubuka, na uchafu mweupe ukatoka. Akaanza pia kujifukiza kwa udi na kujiosha kwa maji ya shabu, kama alivyofunzwa ujanani.

Kisha mumewe naye akapata wekundu na mwasho. Kila mmoja akamdhania mwenzake mabaya, na kwa siku kadhaa hawakusemezana. Mwishowe mama akahisi kuwa tembe mpya ndiyo iliyoleta balaa, akaiacha bila kumwambia mtu. Baada ya majuma mawili sukari yake ya asubuhi ilikuwa 185, na mwasho ulikuwa bado upo.

Alipofika kliniki aliomba kuonana na daktari mwanamke, akakubaliwa. Daktari alimuuliza maswali yale ya wapi na lini, akamchunguza, akatuma mkojo wake upimwe. Kwa kuwa alikuwa ameacha dawa, sukari kwenye mkojo ilikuwa kidogo tu. Kipimo cha nitriti, ambacho mara nyingi huonyesha bakteria, kilikuwa hasi. Ute uliochukuliwa kwa pamba ulionyesha kandida. Hapakuwa na maambukizi ya kibofu.

Akaandikiwa tembe moja ya klotrimazoli ya miligramu 500 ya kuweka ukeni usiku kabla ya kulala, pamoja na krimu ya klotrimazoli ya kupaka nje. Mumewe, kwa sababu naye alikuwa na dalili, alipewa krimu ileile. Asingekuwa na dalili asingehitaji dawa. Daktari aliwaeleza wote wawili kwamba fangasi hawa hawahesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Wanaweza kupita kati ya mke na mume, lakini mara nyingi huanza mwilini mwa mtu mwenyewe, na bikira au mjane anaweza kuwapata. Kuwepo kwao si ushahidi wa uzinzi. Tunalikazia jambo hili kwa kuwa tumeona ndoa zikiingia majaribuni kwa kisa cha kuvu wa jamii ya hamira.

Mwasho ulipungua ndani ya siku tatu. Daktari akamwambia aendelee na dapagliflozini, akamweleza sababu: dawa za kundi hili, licha ya kushusha sukari, huwapunguzia wagonjwa wengi hatari ya moyo kushindwa kufanya kazi na huchelewesha kuharibika kwa figo. Si busara kuipoteza faida hiyo kwa ugonjwa unaotibika kwa tembe moja ya usiku.

Kuhusu matibabu

Wapo wanaopewa kidonge cha kumeza, flukonazoli ya miligramu 150, mara moja tu. Ni dawa nzuri, lakini haimfai kila mtu. Mwanamke mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, asiimeze. Na akiwa mjamzito aizungumze na daktari flozini yenyewe pia, kwa kuwa haitumiwi katika ujauzito. Flukonazoli huongeza nguvu ya baadhi ya vidonge vya kisukari kama gliklazidi na glibenklamidi, hata sukari ikashuka kupita kiasi. Huongeza pia nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo mtajie mfamasia kila dawa unayomeza kabla ya kuipokea. Klotrimazoli ya kupaka au kuweka ukeni haina matatizo hayo kwa kiasi kikubwa, ila inaweza kuidhoofisha kondomu ya mpira.

Dalili zisipopungua baada ya juma moja, rudi kliniki. Huenda si fangasi, au ni aina isiyosikia dawa hiyo. Fangasi wakirudi mara tatu au zaidi ndani ya mwaka, daktari anaweza kuweka dawa ya kinga kwa miezi kadhaa au kukubadilishia dawa ya kisukari. Uamuzi huo ni wa kufanywa pamoja naye, si wa kufanywa kimyakimya chumbani.

Kujikinga katika maisha ya Dubai

Nia ni kutoacha sukari kwenye ngozi. Vyoo vingi hapa vina bomba dogo la kujisafishia, nayo ni neema kubwa kwa mtumiaji wa dawa hii. Kila baada ya kukojoa jisafishe kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma kwa mwanamke, kisha jikaushe taratibu kwa karatasi laini. Wengi husahau kukauka, na maji yanayobaki hufanya kazi ileile ya unyevu wa jasho. Mwanamume asiyetahiriwa avute govi nyuma, aoshe, akaushe, kisha alirudishe mahali pake.

Maji matupu yanatosha. Sabuni za manukato, dawa za kuua vijidudu, shabu, moshi wa udi na kujiosha ndani ya uke huchubua ngozi na kuwaondoa bakteria wema. Tunajua kwamba udi una heshima yake katika nyumba zetu. Ufukizwe kwenye nguo na chumbani.

Vaa nguo ya ndani ya pamba, na kama kazi yako ni ya jasho, chukua ya pili ubadilishe mchana. Mapumziko ya adhuhuri ambayo sheria huwapa wanaofanya kazi juani, kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:00 mchana katika kipindi cha 15 Juni hadi 15 Septemba, ni wakati mzuri wa kujisafisha, kubadili nguo na kunywa maji. Madereva na walinzi hujinyima maji ili wasitafute choo; kwa mtumiaji wa flozini tabia hiyo ni mbaya maradufu, kwani mwili unapoteza maji kwa jasho na kwa mkojo pamoja, na mkojo uliobanwa kwa saa nyingi huwapa bakteria nafasi ya kuzaliana.

Katika mwezi wa Ramadhani onana na daktari mapema kabla ya mfungo. Kwa kawaida tembe huhamishiwa wakati wa futari, na maji hunywewa kidogo kidogo hadi daku. Si vyema kuanza dawa hii kwa mara ya kwanza katikati ya mfungo.

Dalili zisizosubiri

Homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya mgongo chini ya mbavu, upande mmoja au pande zote, ni dalili za maambukizi yaliyofika kwenye figo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Maumivu makali, uvimbe au wekundu kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa, pamoja na homa au kujisikia vibaya sana, ni dharura. Ni ugonjwa wa nadra wa kuoza kwa nyama za sehemu hiyo. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza wagonjwa 12 waliojulikana kuupata katika muda wa miaka mitano wakitumia dawa hizi, 7 wanaume na 5 wanawake. Fangasi huwasha kwa siku nyingi bila kubadilika sana. Ugonjwa huu huuma kuliko unavyoonekana, na huenea kwa saa. Aibu isikuzuie: piga 998 uite gari la wagonjwa.

La tatu ni kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa haraka. Watumiaji wa flozini wanaweza kujaa asidi kwenye damu hata wakati kipimo cha sukari hakijapanda sana, kwa hiyo namba nzuri kwenye mashine isikutulize. Kwa sababu hiyohiyo, siku unayoumwa hata huwezi kula wala kunywa, simamisha flozini na umpigie daktari. Lakini insulini, kama unaitumia, usiiache bila maelekezo. Kabla ya upasuaji uliopangwa dawa hii kwa kawaida husimamishwa angalau siku tatu, hivyo mkumbushe daktari wa upasuaji kwamba unaitumia.

Unapokwenda kliniki

Kwa sheria ya Dubai namba 11 ya mwaka 2013, mwajiri anawajibika kumkatia mfanyakazi wake bima ya afya, na mdhamini kuwakatia anaowadhamini. Beba kadi ya bima au kitambulisho cha Emirates, na maboksi ya dawa zako zote, zikiwemo zilizotoka nyumbani na zile ulizopewa na jirani. Mwambie daktari tarehe uliyoanza flozini, siku mwasho ulipoanza, na kama umemeza antibayotiki yoyote. Ukiona haya kusema, andika kwenye karatasi umpe muuguzi. Kwa maswali kuhusu huduma za afya unaweza kuipigia Mamlaka ya Afya ya Dubai kwa namba 800342.